Vumbi la Dodoma kichwani: kwa nini unaosha kila jioni na bado kichwa kinawasha

Ukikaa kijiweni na madereva wa bodaboda wa Dodoma kati ya Julai na Oktoba, au ukipita saa ya chakula kwenye majengo yanayoinuka Mtumba, utasikia lalamiko lilelile. Kichwa kinawasha. Mtu anaoga kila jioni, anasugua kichwa kwa sabuni mpaka mkono unachoka, na kesho yake akijikuna kucha zinatoka na uchafu wa kijivu unaonata. Wapo wanaoamua kwamba vumbi la huku lina sumu. Wengine wanaamua kwamba wana mba, wananunua dawa ya kila aina, na hali haibadiliki.

Mara nyingi kinachowasumbua ni mchanganyiko wa vitu vitatu: vumbi lenyewe, mafuta na jasho la ngozi, na maji ya kuoshea. Kila kimoja peke yake kina nafuu. Vikikutana kichwani vinatengeneza utando ambao sabuni ya kawaida haiuondoi, tena hapa kwetu sabuni yenyewe inauongeza. Ndiyo maana mtu anaweza kuosha sana na kubaki vilevile.

Tuanze na vumbi linavyoingia. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki udongo mwekundu unakauka, magari makubwa ya ujenzi yanausaga, na upepo wa Agosti na Septemba unaubeba. Dereva wa bodaboda anajiongezea upepo mwingine: akienda kilometa 50 kwa saa dhidi ya upepo wa 20, kichwa chake kinapigwa na upepo wa 70. Akikaa nyuma ya lori la kokoto kwenye barabara ya vumbi, punje ndogo kabisa zinapita mahali ambapo upepo mtupu ungepita.

Watu wengi hudhani helmeti inamaliza kazi. Utosini ni kweli, hapo vumbi ni dogo. Lakini helmeti ya kawaida ya bodaboda iko wazi chini, na upepo unaingia kwa kisogoni na pembeni mwa masikio, unazunguka ndani, na kuacha vumbi pale jasho lilipo. Ukitaka kuhakikisha, mwambie dereva avue helmeti baada ya safari ndefu, upitishe kitambaa cheupe chenye unyevu utosini, halafu kingine nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele shingoni. Kitambaa cha pili ndicho kitakachotoka chekundu. Basi hapo ndipo pa kufunika, na hapo ndipo pa kusugua wakati wa kuosha, wakati wengi wetu mkono unakwenda utosini na kuishia hapo.

Vumbi kavu juu ya nywele kavu halina shida kubwa, linakung'utika. Tatizo linaanza likikutana na mafuta. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake mwenyewe, na sisi tunaongeza mengine asubuhi kabla ya kutoka, hasa yale mafuta ya mgando. Punje za udongo zinaganda humo, jasho linazilowesha, helmeti inazikandamiza kwenye ngozi siku nzima, na kila ukijikuna unazisugua kama msasa. Ngozi inachubuka kidogo kidogo, na vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi bila madhara vinapata mlango. Kwa hiyo ushauri wa kwanza haugharimu kitu: asubuhi ya kazi usipake mafuta kichwani. Yapake usiku, baada ya kuosha, kidogo.

Sasa maji, maana hapa ndipo fundo lilipo. Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mitaa mingi ina visima vyake pia. Maji ya ardhini hupita kwenye miamba na kubeba madini, hasa kalisiamu na magnesiamu. Ndiyo maji tunayoyaita mazito, au maji ya chumvi, na ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Sabuni ya kipande, iwe ya kuogea au ya mche, ikikutana na madini hayo haitoi povu mpaka madini yaishe. Kabla ya hapo inaungana nayo na kuwa uchafu mweupe usioyeyuka. Ule mstari unaobaki kwenye beseni baada ya kufua ndio huo. Kichwani nao unabaki, umeshika udongo na mafuta, na ukikauka unakuwa ule uchafu wa kijivu chini ya kucha.

Unaweza kuyapima maji ya nyumbani kwako kwa dakika mbili. Chukua chupa ya plastiki safi ya nusu lita, jaza maji mpaka nusu, kwangua vipande vidogo vya sabuni ya kipande isiyo na rangi, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, funga na utikise kwa nguvu. Maji laini yanatoa povu zito na chini yanabaki karibu angavu. Maji mazito yanatoa povu chache zinazokufa haraka, na maji yanakuwa kama maziwa yenye chembe. Ukiona chembe, jua kwamba kuongeza sabuni ya kipande kichwani ni kuongeza utando.

Shampuu haina tabia hiyo. Imetengenezwa kwa kemikali nyingine zinazosafisha bila kuungana na kalisiamu kwa namna ileile, kwa hiyo hata kwenye maji ya Mzakwe inasuuzika. Haihitaji kuwa ya bei. Pakiti ndogo ya dukani inatosha kichwa chenye nywele fupi zaidi ya mara moja. Sabuni ya unga ya kufulia sipendekezi hata kidogo: ni kali mno kwa ngozi, inaondoa mafuta yote ya asili, na kichwa kikavu katika upepo wa Septemba kitapasuka na kuwasha kuliko mwanzo.

Tuchukue mfano wa dereva mwenye nywele fupi anayetoka nyumbani Ilazo saa 12 asubuhi, anashinda kwenye njia ya Ihumwa, na kurudi saa 2 usiku. Nyumbani maji yanatoka kwa zamu, kwa hiyo ana ndoo moja ya lita 10 kwa mwili mzima, na kichwa kinaweza kupewa lita nne au tano. Zinatosha, ila mpangilio ndio unaoamua.

Kabla ya kugusa maji, anasimama nje, mgongo ukiwa kwenye upepo, anainamisha kichwa mbele na kupitisha brashi laini kavu kuanzia kisogoni kwenda utosini, kisha pembeni za masikio. Hii inachukua dakika moja na inaondoa sehemu kubwa ya udongo ukiwa bado ni udongo. Akiruka hatua hii na kumwaga maji moja kwa moja, anatengeneza tope, na tope hilo linashuka kwenye ngozi.

Kisha anamwagia maji matupu kwa kopo, lita moja na nusu hivi, ya uvuguvugu kama yapo, huku vidole vikipita kwenye ngozi. Hachovyi kichwa ndani ya ndoo, kwa sababu uchafu utarudi kichwani na maji yote yataharibika. Maji ya kwanza yatashuka mekundu. Anaendelea mpaka yapungue rangi. Ndipo achukue shampuu kiasi cha kijiko kidogo cha chai, aichanganye na maji kidogo kiganjani, na kuanzia nyuma ya masikio na kisogoni, si utosini. Anasugua kwa ncha za vidole, kucha zikiwa zimeinuliwa, kwa muda wa dakika moja. Anasuuza kwa lita mbili. Povu la kwanza likiwa limekufa haraka, hiyo ni dalili kwamba mafuta yalikuwa mengi, na nusu ya kiasi kile cha shampuu kwa mara ya pili kitatoa povu zuri.

Inabaki lita moja ya mwisho. Humo anaweka kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe ya kawaida ya dukani, anaimwagia polepole akiwa amefumba macho, anasubiri dakika moja, kisha anasuuza kwa kikombe cha maji matupu. Asidi hafifu ya siki inayeyusha mabaki ya madini, na ngozi ya kichwa, ambayo kwa asili ina uasidi kidogo, inarudi kwenye hali yake. Harufu inaondoka nywele zikikauka. Siki haiwekwi kwenye ngozi iliyochubuka, itachoma. Wala isibadilishwe na ndimu: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua la kesho likapiga, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi. Wenye bati na tangi wana njia bora zaidi. Maji ya mvua hayana madini hayo, na dumu moja la lita 20 lililohifadhiwa vizuri tangu Machi linatosha suuzo la mwisho kwa wiki kadhaa.

Shampuu haihitajiki kila siku. Kwa nywele fupi, brashi kavu na maji matupu kila jioni, na shampuu mara mbili au tatu kwa wiki, vinatosha katika miezi ya vumbi. Kwa nywele ndefu au zilizosukwa, shampuu mara moja kwa wiki, na jioni nyingine kitambaa chenye unyevu kupitishwa kwenye kingo za nywele, shingoni na katikati ya mistari ya msuko. Msuko uoshwe kwa shampuu iliyochanganywa na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ielekezwe kwenye ngozi na si kwenye rasta, na usukwe tena kabla haujakaa muda mrefu hadi vumbi kugandamana kwenye mashina.

Mafuta ya usiku yanahitaji neno moja, kwa sababu Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti na watu wengi hupaka mafuta ya jikoni kichwani. Kwenye nywele zenyewe mafuta ya alizeti hayana tatizo, yanazilainisha. Lakini fangasi wanaoleta mba hula mafuta ya aina hiyo. Mwenye mba akiyapaka kwenye ngozi ya kichwa na kuyaacha, anawalisha. Apake kwenye nywele tu, au atumie mafuta ya mgando kidogo sana kwenye sehemu zilizokauka, kwani hayo fangasi hawawezi kuyala.

Baada ya kuosha ndipo tuzungumzie kufunika, maana kifuniko kichafu kinarudisha kila kitu. Dereva anahitaji kitu chembamba chini ya helmeti kinachoshuka mpaka shingoni. Boshori la sufu lililofumwa kwa nafasi halifai: lina joto, na ukiliinua juani utaona mwanga ukipenya, na panapopenya mwanga vumbi linapenya. Kininja chembamba cha pamba ni kizuri. Aliyekosa anaweza kukata tisheti ya zamani ya pamba, akashona mrija wa kuvaa kichwani na shingoni, tabaka moja tu. Tabaka likizidi, helmeti inapwaya, na helmeti inayopwaya haimlindi mtu akianguka. Kipimo ni rahisi: funga mkanda, tikisa kichwa kama unayekataa. Helmeti ikigeuka peke yake huku ngozi ya paji la uso imetulia, kitambaa ni kinene mno au helmeti ni kubwa.

Kofia za plastiki za kuogea zinazouzwa kwa abiria huzuia vumbi vizuri, lakini kwa dereva anayezivaa siku nzima ni hasara. Jasho halina pa kutokea, ngozi inalainika kama ya mtu aliyekaa majini, na vipele vya usaha vinafuata. Kwa abiria wa dakika kumi ni sawa kabisa, na abiria mwenye skafu au kofia yake nyembamba amejikinga yeye na mwenzake atakayepanda baadaye.

Vitambaa viwe angalau vitatu, ili kila siku kuwe na safi, kingine kikiwa kwenye kamba na kingine kikisubiri kufuliwa. Helmeti yenyewe inasahaulika. Kama kitambaa cha ndani kinatoka, kifuliwe kila wiki kwa shampuu au sabuni laini na kukaushwa kivulini mpaka kikauke kabisa. Kama hakitoki, kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na helmeti iachwe imefunuliwa usiku, mdomo juu. Petroli isiguse ndani ya helmeti hata tone. Wapo wanaoitumia kutoa madoa, na inayeyusha ile povu ngumu inayopokea kishindo cha ajali, bila kuonekana kwa nje.

Fundi na saidia fundi wana jambo moja ambalo dereva hana: saruji. Udongo wa Dodoma unachubua tu, lakini saruji inachoma. Ikiwa kavu inatulia, ikipata jasho inakuwa na ukali wa magadi makali sana, pH 12 kwenda juu, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Maumivu hayaji papo hapo. Mtu anamwaga mifuko ya saruji kwenye zege asubuhi, jasho linashuka kutoka kwenye nywele, na jioni anaona ngozi ya paji la uso na nyuma ya masikio imekuwa nyekundu na inachoma. Kwa wengine, baada ya miezi au miaka ya kazi, mwili unaanza kuikataa kabisa kwa sababu ya kromiamu iliyomo, na hapo hata vumbi dogo linaamsha ukurutu.

Kwa hiyo saruji haisubiri jioni. Anayemwaga mifuko, anayekata tofali kwa grainda, au anayekwangua lipu iliyokauka, afunike kichwa kizima kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kitenge kinafaa kuliko tisheti hapa, kikishuka shingoni na kuingia ndani ya kola. Kofia ngumu inakaa juu yake, na nafasi iliyopo kati ya mikanda ya ndani na ganda isijazwe nguo, kwani ndiyo inayopokea uzito wa kinachoanguka. Mapumziko ya mchana yakifika, avue kitambaa mbali na uso, akikung'ute, apanguse kichwa kikavu kwanza, halafu aoshe kingo za nywele kwa maji mengi yanayotiririka. Maji kidogo ni mabaya kuliko kutoosha, yanaamsha saruji bila kuiondoa. Kichwa kiinamishwe pembeni ili maji yasipite machoni. Saruji ikiingia jichoni, ni kuosha kwa maji safi dakika 20 mfululizo na kwenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Kuna tabia ya kujipuliza vumbi kwa upepo wa kompresa mwisho wa kazi. Naomba iachwe. Presha ile inasukuma punje ndani ya ngozi, masikio na macho, na inaziingiza kwenye pua ya aliye jirani. Na kina mama wanaobeba ndoo za zege na maji kwa kichwa wana mzigo wa ziada: ngata chafu yenye saruji inasugua utosi mahali palepale kila siku, na nywele hapo zinakatika. Ngata ifuliwe kila jioni kama kitambaa, na chini yake kivaliwe kilemba chepesi kisichokazwa kwenye paji la uso.

Ukifanya yote haya, kichwa kinapaswa kutulia ndani ya wiki mbili. Kisipotulia, angalia kwa makini kilichopo. Unga wa kijivu unaonata mara tu baada ya kuosha bado ni utando wa sabuni, rudi kwenye shampuu na siki. Magamba yenye mafuta, meupe au ya manjano, yanayorudi siku ya pili au ya tatu hata baada ya kuosha vizuri, ni mba. Shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2 kutoka duka la dawa, iachwe kichwani dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili mpaka nne, hutuliza wengi. Vipele vigumu vya kisogoni kwa mwanamume anayenyoa chini kabisa vina chanzo kingine: nywele zilizokatwa karibu mno na kusuguliwa na kola au helmeti. Mwambie kinyozi aache nywele kidogo kwenye kisogo, na usivikamue, kwani vinaweza kuwa makovu ya kudumu.

Mabaka ya duara ambayo nywele zimekatika juu ya ngozi yenye magamba ni mapunye. Hayo krimu haiyamalizi, kwa sababu fangasi wako ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Yanahitaji vidonge kama griseofulvini au terbinafini, vinavyoandikwa na mtoa huduma wa kituo cha afya na kumezwa kwa wiki kadhaa bila kuacha katikati. Katika muda wote huo vitambaa vichemshwe, taulo na mashine ya kunyolea visichangiwe na mtu, na watoto wa nyumbani wakaguliwe vichwa, kwa kuwa wao ndio wanaoyapata kwa urahisi zaidi. Helmeti ya abiria nayo ifutwe ndani na ikaushwe kabla ya kumpa mtu mwingine.